Riba ya Benki Kuu: namba ile hutoka wapi?

Kila baada ya miezi miwili hivi, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya hukutana Nairobi, na jioni yake redio hutangaza kuwa riba imepanda, imeshuka au imebaki palepale. Kesho yake hapa Lamu, barazani Mkunguni na kule gatini, maneno huwa mengi. Mwenye boti hulalamika kwamba wakubwa wameamua kutubana. Mwenye duka hutarajia bei zishuke. Mzee mmoja hukumbusha kwamba yeye hali riba wala hakopi kwa riba, kwa hiyo habari hizo hazimhusu. Na karibu wote hudhani kuwa namba ile huchaguliwa kwa kukisia tu, au kwa shinikizo la wanasiasa.

Nyuma ya namba ile kuna hesabu. Si hesabu moja, wala kamati haifungwi nayo, lakini iko kanuni moja fupi ambayo wataalamu wa fedha duniani huanza nayo wanapotaka kujua kama riba iliyopo ni ya juu mno au ya chini mno. Aliyeiandika ni John Taylor, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1993. Inataka kujumlisha, kutoa na kuzidisha, basi. Mtoto aliyemaliza shule ya msingi ataiweza, na ndiyo maana naona si haki iendelee kukaa mikononi mwa wachache.

Kwanza tuelewane kuhusu riba yenyewe. Riba inayotangazwa na Benki Kuu, ile inayoitwa CBR, si riba ya mkopo wako. Ni kiwango cha msingi ambacho hutumika kuongoza bei ya fedha baina ya benki zenyewe. Benki yako huongeza juu yake gharama zake, faida yake, na hofu yake kwamba huenda usilipe. Kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 sheria iliwakataza mabenki kutoza zaidi ya CBR na pointi nne juu yake, na watu wengi wamebaki na dhana kuwa mambo bado ni hivyo. Sheria ile iliondolewa. Tangu hapo CBR ikishuka, mkopo wako unaweza kuchelewa kushuka kwa miezi kadhaa, au usishuke kwa kiasi kilekile.

Na yule mzee asiyekopa? Hayuko nje ya mambo haya. Unga anaokula umenunuliwa na mfanyabiashara wa jumla ambaye pengine aliuagiza kwa fedha za mkopo, ukaletwa kwa lori hadi Mokowe, ukavushwa kwa boti inayochoma mafuta yaliyolipiwa kwa dola. Riba inagusa gharama ya mkopo ule na thamani ya shilingi inayonunua dola zile. Hata benki za Kiislamu, zinapopanga faida ya murabaha, hutazama viwango vya soko.

Sasa tuzifahamu namba zinazoingia katika hesabu.

Ya kwanza ni mfumuko wa bei. Huu ni mwendo wa bei, si urefu wake. Tuseme kilo ya samaki mwaka jana ilikuwa shilingi 500 na leo ni 540. Bei imepanda kwa asilimia 8. Mwakani ukisikia mfumuko "umeshuka" hadi asilimia 3, usitarajie kununua kwa 500 tena. Kwa mwendo huo kilo itakuwa kama shilingi 556. Imepanda, ila taratibu. Hapa ndipo mwenye duka wetu anapokosea anaposikia habari njema za mfumuko akasubiri bei zirudi zilikokuwa. Shirika la Takwimu la Kenya hupima mwendo huo kila mwezi, kwa bei za vitu vingi pamoja na si samaki peke yake.

Serikali imeweka lengo la mfumuko kuwa asilimia 5, na nafasi ya pointi 2.5 juu au chini. Tofauti kati ya mfumuko uliopo na lile lengo ndiyo pengo la mfumuko. Mfumuko ukiwa 7.5, pengo ni 2.5. Ukiwa 3.6, pengo ni kasoro 1.4, na alama ya kutoa ina maana yake, isiachwe.

Ya pili ni riba halisi. Ukikopa shilingi 100,000 kwa mwaka mmoja kwa asilimia 12, utarudisha 112,000. Lakini kama bei nazo zimepanda kwa asilimia 8, vitu ulivyoweza kununua kwa 100,000 sasa vinataka 108,000. Kwa hiyo uzito wa kweli uliobeba ni kama 4,000. Kwa hesabu ya haraka: riba iliyotangazwa, toa mfumuko, inabaki riba halisi. Anayekopa na anayeweka akiba huamua kwa riba halisi, hata kama hawaiti hivyo. Mtu husema tu, "Nikikopa leo ninunue mashine, mwakani bei yake itakuwa imepita hata riba niliyotozwa," na hapo amekwisha kuifanya hesabu.

Ya tatu ni riba ya katikati. Hii ni riba halisi ambayo haisukumi uchumi mbele wala haiushiki breki. Haionekani popote, hukadiriwa tu. Katika makala hii tuichukue kuwa asilimia 4. Nimeichagua ili tuwe na kitu cha kuhesabia, na baadaye tutaona inakuwaje ikiwa si hiyo.

Ya nne ndiyo inayowasumbua watu, nayo ni pengo la uzalishaji. Fikiria nyumba ya wageni Shela yenye vyumba kumi. Mwenyewe ana wafanyakazi wake wa kudumu, na amezoea kwamba vyumba saba vikiwa na watu kazi inakwenda vizuri mwaka mzima: shuka zinafuliwa, mabomba yanatengenezwa, watu wanapata siku ya kupumzika. Saba ndio uwezo wake wa kawaida, ingawa vyumba ni kumi. Unapofika msimu wa wageni vyumba vikajaa vyote, lazima atafute vibarua wa haraka, awalipe zaidi, anunue samaki kwa bei yoyote, na mwishowe apandishe bei ya chumba. Hapo amepita uwezo, na pengo lake ni chanya. Wakibaki wageni wa vyumba vinne, anawapa watu likizo bila malipo na kupunguza bei ili mlango usifungwe. Pengo lake ni hasi. Nchi nzima hupimwa hivyohivyo kwa asilimia. Ikiwa inaweza kuzalisha bila kujikamua thamani ya shilingi 100 na sasa inazalisha 101, pengo ni 1. Ikizalisha 97, pengo ni kasoro 3.

Kanuni yenyewe sasa ni hii:

```
i = r + p + 0.5 × (p − 5) + 0.5 × g
```

Herufi i ni riba ambayo Benki Kuu ingeweka, r ni riba ya katikati, p ni mfumuko wa bei, na g ni pengo la uzalishaji. Zile 0.5 mbili huitwa uzito. Ya kwanza inasema tuuchukie kiasi gani mfumuko unapotoka kwenye lengo, ya pili inasema tujali kiasi gani uchumi unapopita au kupungukiwa uwezo wake. Katika maandishi ya mwaka 1993 Taylor alitumia uzito huohuo wa 0.5 mara mbili, ila kwa Marekani alichukua lengo la asilimia 2 na riba ya katikati ya asilimia 2. Namba hizo zilifuata kwa karibu sana riba ambayo benki kuu ya Marekani iliiweka kweli kati ya 1987 na 1992, na hilo ndilo lililoipa kanuni sifa.

Tuihesabu. Tuseme mfumuko umefika asilimia 7.5, yaani kwenye ukingo wa juu wa lengo letu, na uchumi umepita uwezo wake kwa asilimia 1. Tunaanza na riba ya katikati, 4. Tunaongeza mfumuko wenyewe, 7.5, tunapata 11.5. Pengo la mfumuko ni 2.5, nusu yake ni 1.25, tunafika 12.75. Pengo la uzalishaji ni 1, nusu yake 0.5, tunaishia 13.25. Kanuni inasema riba iwe asilimia 13.25.

Usiishie hapo. Toa mfumuko: 13.25 kasoro 7.5 ni 5.75. Hiyo ndiyo riba halisi, nayo iko pointi 1.75 juu ya ile ya katikati. Kwa hiyo Benki Kuu hapa imeshika breki kweli, na sasa tunajua imeishika kwa kiasi gani.

Nimeona watu wenye elimu nzuri wakikosea hesabu hii kwa njia mbili, na makosa yote mawili yanatoka kwenye ile p ya kwanza. Kosa la kwanza ni kuisahau. Mtu anajumlisha 4, 1.25 na 0.5, anapata 5.75, kisha anatangaza kuwa riba inayotakiwa ni 5.75 na Benki Kuu inatuonea. Alichopata ni riba halisi. Angeiweka kama riba ya kutangazwa wakati bei zinapanda kwa 7.5, angekuwa anawalipa watu wakope. Kosa la pili ni kinyume chake. Mtu anachukua riba ya katikati ambayo tayari ina mfumuko ndani yake, yaani 4 na lengo la 5, jumla 9, kisha anaongeza tena 7.5. Anafika 18.25. Jibu lake limepita kwa pointi 5 kamili, ambazo ni lile lengo lililohesabiwa mara mbili.

Ipo njia rahisi ya kujipima. Weka mapengo yote mawili kuwa sifuri, yaani mfumuko uwe 5 kamili na uchumi uwe kwenye uwezo wake. Jibu lazima liwe 4 na 5, yaani 9. Likitoka 4 umesahau mfumuko. Likitoka 14 umeuhesabu mara mbili.

Kanuni hiyohiyo inaweza kuandikwa kwa sura nyingine, kuanzia kwenye ile 9:

```
i = 9 + 1.5 × (p − 5) + 0.5 × g
```

Kwa mfano wetu: 9, ongeza 1.5 mara 2.5 ambayo ni 3.75, ongeza 0.5, unapata 13.25 ileile. Naipenda sura hii kwa sababu inaliweka wazi jambo lililojificha katika ile ya kwanza. Mfumuko ukipanda kwa pointi 1, riba inapanda kwa pointi 1.5. Inapanda kuliko mfumuko wenyewe.

Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa kanuni nzima, na ndio jambo ambalo umma haujaelezwa vizuri. Mfumuko ukitoka 5 kwenda 8, halafu Benki Kuu ikapandisha riba kutoka 9 hadi 11, magazeti yataandika kwamba riba imepandishwa kwa pointi 2 na wananchi watalia. Lakini riba halisi ilikuwa 4 na sasa ni 3. Kukopa kumekuwa rahisi zaidi kuliko mwanzo, watu watazidi kununua, na bei zitazidi kupanda. Benki imeonekana ikishika breki kumbe imeongeza mafuta. Ili kushika breki kweli lazima ipite zile pointi 3 za mfumuko. Kanuni inataka pointi 4.5, yaani riba ya 13.5.

Kenya ililiona hili mwaka 2011. Ukame ulikuwa umepandisha chakula, mafuta ya dunia yalikuwa juu, na mikopo ilikuwa inakua kwa kasi. Machi mwaka ule mfumuko ulikuwa asilimia 9.2, na CBR ilikuwa 6. Hata tukichukua pengo la uzalishaji kuwa sifuri, kanuni yetu ingesema 4, na 9.2, na nusu ya 4.2 ambayo ni 2.1, jumla 15.3. Septemba mfumuko ulikuwa umepita 17, na riba ilikuwa 7. Benki Kuu ilikuwa imepandisha, ndiyo, lakini riba halisi ilikuwa imezama hadi pointi kumi chini ya sifuri. Aliyekopa mwezi ule kwa kiwango karibu na hicho, akanunua bidhaa na kuziweka stoo, alikuwa anapata faida kwa kukaa tu. Shilingi nayo ikaporomoka hadi dola moja ikapita shilingi 100. Ndipo kamati ikageuka kwa ghafla: Oktoba riba ikawa 11, Novemba 16.5, Desemba 18. Mikopo mingi ya kawaida ikafika asilimia 20 na kupita, na waliokuwa wamekopa kabla waliona malipo yao ya mwezi yakivimba ndani ya majuma machache. Kufikia Desemba 2012 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi 3.2.

Sisemi kwamba riba ya Septemba 2011 ilipaswa kuwa 27 na ushei, ingawa hesabu yetu inatoa hivyo. Hakuna nchi ambayo ingevumilia hilo kirahisi, na sehemu kubwa ya mfumuko ule ilitokana na mvua kukosekana. Ninachosema ni kwamba kanuni ilikuwa inapiga kelele tangu Machi, wakati hatua ndogo zaidi zingetosha. Aliyechelewa kupandisha pointi chache za mwanzo alilazimika kupandisha pointi kumi na moja ndani ya miezi mitatu, na gharama ikawaangukia wakopaji.

Hapo tumegusa malalamiko ya haki kabisa ambayo wavuvi wetu huyatoa. Katika miezi ya kusi bahari huchafuka, boti nyingi hazitoki, na samaki hupanda bei. Riba ya Nairobi itaituliza bahari? Haitaituliza. Wala haitaleta mvua Tana River, wala haitapunguza bei ya mafuta ya dunia. Basi kwa nini ipandishwe?

Hebu tuhesabu hali kama hiyo. Mfumuko umepanda hadi 8 kwa sababu ya chakula na mafuta, lakini biashara imelala: wageni wachache, ujenzi umesimama, pengo la uzalishaji ni kasoro 3. Tunaanza na 4, tunaongeza 8, ni 12. Pengo la mfumuko ni 3, nusu yake 1.5, ni 13.5. Pengo la uzalishaji ni kasoro 3, nusu yake kasoro 1.5, tunarudi 12.

Asilimia 12 inatisha ukiisikia redioni. Lakini toa mfumuko wa 8, riba halisi ni 4, na 4 ndiyo riba ya katikati. Kanuni haijashika breki hata kidogo. Imepandisha riba kiasi cha kuifanya isizame chini ya bei, basi, kwa sababu mapengo mawili yamevutana na nguvu zao zikawa sawa. Kwa hiyo si kweli kwamba riba kubwa siku zote ni ya kubana. Ile 13.25 ya mfano wa kwanza ilibana. Hii 12, ambayo iko karibu nayo kabisa, haibani.

Kinachoogopwa katika hali kama hii si bei ya samaki yenyewe bali kinachoifuata. Mafuta yanapanda, nahodha wa boti ya abiria anaongeza nauli, fundi anayevuka kila siku anaongeza ujira, mwenye nyumba anayejenga anaongeza kodi. Mafuta yakishuka baadaye, nauli na kodi hazishuki. Kupanda kwa mara ya kwanza hakuzuiliki kwa riba. Mzunguko wa pili ndio unaozuilika, ikiwa watu wataamini kwamba Benki Kuu haitauacha uende.

Hapa pia ndipo uzito unapoonyesha kuwa ni uamuzi wa watu, wala haukushushwa kutoka mbinguni. Wapo wanaouongeza uzito wa pengo la uzalishaji kutoka 0.5 hadi 1. Kwa mfano huohuo tungepata 4, na 8, na 1.5, kisha kutoa 3: jumla 10.5. Riba halisi 2.5, chini ya ile ya katikati. Huyu amechagua kuwapa nafuu wasio na kazi, na kukubali kwamba mfumuko utachukua muda mrefu zaidi kurudi kwenye 5. Yule wa 12 amechagua vingine. Watu wawili wanaweza kupewa takwimu zilezile, wote wawili wakahesabu sawasawa, wakatofautiana kwa pointi 1.5, na hakuna aliye mwongo.

Sasa tuseme kweli kuhusu udhaifu wa kanuni. Katika namba nne, ni moja tu, mfumuko, ambayo tunaipata upesi na kwa uhakika wa kutosha. Lengo limewekwa na serikali. Mbili zilizobaki ni makadirio. Riba ya katikati ikiwa 3 badala ya 4, kila jibu katika makala hii linapungua kwa pointi 1. Ukikosea pengo la uzalishaji kwa pointi 2, jibu linakosea kwa pointi 1.

Na pengo hilo ni rahisi kulikosea. Takwimu za pato la taifa hutoka miezi kadhaa baada ya robo mwaka kwisha, na baadaye husahihishwa. Tena hizo ni za kilichozalishwa. Kile ambacho nchi ingeweza kuzalisha bila kujikamua hakuna anayekipima, hukadiriwa kutokana na mwenendo wa miaka iliyopita. Nchini kwetu watu wengi hufanya kazi bila mkataba na bila vitabu vya hesabu. Mchukuzi mwenye punda wawili, mama anayeuza mahamri asubuhi, kijana wa kukata mikoko: kazi ikipungua hawaandikwi popote kama watu wasio na kazi, wanapata kidogo zaidi, basi. Pengo hasi linaweza kuwa kubwa kuliko linavyoonekana Nairobi. Kwa hiyo ukimwona mtu akitoa jibu la kanuni hii kwa desimali mbili na kulishikilia kama ushahidi wa mahakamani, muulize pengo la uzalishaji amelipata wapi.

Kitu kingine ambacho kanuni haina kabisa ni shilingi. Taylor aliiandikia Marekani, nchi ambayo deni lake liko kwa fedha yake yenyewe. Sisi tunanunua mafuta kwa dola na kulipa sehemu kubwa ya deni la serikali kwa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, riba za Marekani zilikuwa zimepita asilimia 5, na mwenye fedha angeweza kuzihamishia huko akalala usingizi. Februari mwaka huo kamati ilipandisha CBR hadi 13. Baadaye shilingi ikapata nguvu, na mfumuko ukashuka.

Chukua Septemba 2024, mfumuko ukiwa 3.6. Tuseme pengo la uzalishaji lilikuwa kasoro 1. Tunapata 4, na 3.6, kisha tunatoa 0.7 na kutoa 0.5, jumla 6.4. CBR ilikuwa 12.75. Oktoba kamati ilipokutana iliishusha hadi 12 tu, ikiacha riba halisi kwenye 8.4, zaidi ya maradufu ya ile ya katikati tuliyoichagua. Wenye biashara waliokuwa wakilalamika mwaka ule kwamba fedha zimekauka hawakuwa wakisingizia. Upande wa pili, kamati iliyotoka kuona dola ikikaribia 160 haikuwa tayari kuruka kutoka 12.75 hadi 6.4 kwa siku moja kwa sababu kanuni isiyoijua shilingi imesema hivyo. Ilishuka hatua kwa hatua, na Oktoba 2025 CBR ilikuwa 9.25.

Kamati itakapotangaza tena, chukua mfumuko wa mwezi uliopita na uutoe kwenye CBR mpya. Kisha fanya hesabu ya kanuni mara mbili, mara moja kwa pengo la uzalishaji la sifuri na mara moja kwa kasoro 2. Majibu hayo mawili yatatofautiana kwa pointi 1. CBR ikiangukia katikati yao, kamati na kanuni wanasema jambo moja. Ikiwa mbali juu, angalia dola kwanza kabla ya kumlaumu mtu. Ikiwa mbali chini huku mfumuko unapanda, basi ni kama Machi 2011, na mwenye mkopo wa riba inayobadilika aanze kuangalia mkataba wake unasemaje.